Mama Koki na Kibomba cha Ndani

Ti.

Ndivyo jiwe lilivyolia lilipoangukia bakuli la chuma. Sauti nyembamba, kama shanga moja iliyoponyoka kwenye uzi. Mama Koki alikuwa macho kabisa, ganzi ya mgongo imemlaza kuanzia kiunoni kwenda chini, na kitambaa cha kijani kimesimamishwa mbele ya uso wake ili asione kinachoendelea upande wa pili. Hakuona, ila alisikia. Jiwe lililomkunja mbele ya wateja, likamtapisha ukingoni mwa mtaro, likamfanya atambae sakafuni nyumbani kwake kama anatafuta pini iliyopotea, liliposhikwa halikuwa na la kusema zaidi ya hilo.

"Ndo hilo tu?" akauliza.

"Hicho ni kipande," daktari akajibu kutoka nyuma ya kitambaa. "Vingine vinafuata. Na vumbi lake litatoka lenyewe na mkojo."

"Kitu cha ukubwa wa punje ya mtama kinanigaragaza mbele za watu."

Chumba kizima kikacheka, hata mtu wa ganzi aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi.

Watu walimjua kwa jina hilo la Mama Koki, na wengi hawakujua kama ana jingine. Alikuwa fundi bomba. Alianza kazi akiwa mfagizi wa shule, siku bomba la uani lilipopasuka na fundi aliyeitwa akachelewa kufika. Alilifunga kwa kipande cha tairi na waya, akasimama pale ameloa chapachapa, akicheka peke yake. Tangu siku ile hakuweza tena kupita karibu na maji yanayovuja bila kuinama. Alijifunza kwa kumbebea vifaa fundi mmoja mzee, akavumilia maneno ya wanaume mitaroni, kisha akawa yeye ndiye anayewasema. Mumewe, kinyozi mpole mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, alizoea kuwaambia wateja wake, "Mimi nanyoa, mke wangu anachimba. Mkitaka kujua nani anaogopwa nyumbani, angalieni mikono."

Na mwaka huo kulikuwa na kazi ambayo alisema ndiyo aliyozaliwa kuifanya. Mtaa wa mlimani, ambao watu wake walikuwa wakipanda na madumu mabegani tangu walipouhamia, ulijengewa tangi kileleni, na bomba likashushwa kutoka hapo hadi kwenye nyumba. Mama Koki na mwenzake wanayemwita Mrefu walililaza bomba lile lote, kiungo kwa kiungo. Jumamosi ndiyo siku ya kufungua. Na yeye ndiye angeshika ufunguo wa vali ya kuachia maji; mtaa mzima ulikubaliana hivyo bila kikao.

Kwa hiyo alipokaa kitandani wodini kusubiri ruhusa, hakuwa mgonjwa anayesikiliza. Alikuwa mtu anayehesabu kwa macho umbali kati ya kitanda na mlango.

"Mama, niangalie mimi, sio mlango," akasema nesi, mwanamume mwenye miwani na sauti ya mtu aliyezoea kurudia. "Tumekuwekea kibomba ndani. Kinaitwa stenti. Ni laini, kichwa kimoja kimejikunja kwenye figo, kingine kwenye kibofu. Njia ambamo jiwe lilikuwemo imechubuka, itavimba. Bila kibomba itaziba, mkojo utarudi kwenye figo, na maumivu utayaona makali kuliko yale ya jiwe."

Mama Koki akageuka kabisa. Macho yakamwaka.

"Mmeniwekea bomba."

"Kibomba."

"Baba watoto, umesikia? Nimelaziwa bomba mimi." Kinyozi, aliyekuwa ameshika mfuko wa nguo mlangoni, akatabasamu kama mtu anayejua kwamba habari hiyo itafika sokoni kabla yake.

Nesi akasubiri amalize. Kisha akamweleza yatakayokuja. Angebanwa na mkojo mara kwa mara, na akienda atoe kidogo tu. Ungechoma. Akikojoa angeweza kusikia maumivu yakipanda ubavuni hadi mgongoni, kwa sababu kibomba kinaruhusu mkojo kurudi juu kidogo. Na angeona damu. Leo ya waridi, kesho maji safi, keshokutwa damu tena, hasa akitembea sana au akinyanyua kitu kizito.

"Hiyo yote tunaitarajia," akasema. "Kunywa dawa za maumivu, pumzika, kunywa maji mengi. Lakini kuna mambo hatuyangoji. Ukipata homa au ukitetemeka kwa baridi. Maumivu yasiyosikia dawa. Damu nzito yenye mabonge. Mkojo ukigoma kutoka, au ukitiririka wenyewe bila kukoma. Moja tu kati ya hayo, unakuja hapa, mchana au usiku, hata kama umevaa nguo za harusi. Na tarehe ya kukitoa usiisahau. Kikikaa muda mrefu, kinaota mawe."

"Bomba lenye kutu nalijua," akasema Mama Koki, na akashuka kitandani.

Siku mbili za kwanza alikuwa mgonjwa wa mfano. Alikaa kwenye kiti cha uani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kila aliyekuja kumpa pole alipewa somo la kibomba. Alikichora mchangani kwa kijiti, mikunjo yake miwili, figo kama tangi na kibofu kama ndoo. Wifi yake, dada wa Kinyozi, mshonaji anayekaa chumba cha pili, alikuja na cherehani yake uani ili amchunge huku akishona.

"Wifi, kila mgeni unamwonyesha njia ya mkojo wako. Siku moja utawatoza kiingilio."

"Wewe endelea kushona. Mtu akiwa na kitu kipya anakionyesha."

"Mimi nikinunua chupi mpya siwaiti majirani."

Ijumaa asubuhi kiti kilimshinda. Mrefu alipita kusema kwamba mchanga umejaa kwenye kisanduku cha vali kule juu, na kwamba yeye angeusafisha. Neno hilo lilimtosha. Wifi alipogeuka kuchukua uzi, Mama Koki alikuwa tayari anapanda mlima, mkono mmoja ubavuni, mwingine ukiashiria kwa kila mlango kwamba kesho, kesho. Akakikagua kisanduku, akamkosoa Mrefu kwa moyo mkunjufu, akashuka akiimba.

Alipoingia chooni, wimbo ukakatika. Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji yaliyoosha kitambaa kipya cha kanga.

Hapo ndipo fundi alipomshinda mgonjwa. Alisimama akitazama, na kichwa chake kikafanya kile ambacho mikono yake imefanya maisha yake yote. Ukiona kiungo kinavuja, hujadiliani nacho. Unafunga maji kwanza. Aliona wazi kabisa jinsi ilivyo: kibomba kimelegea alipopanda mlima, kinavujisha, na kila kikombe anachokunywa kinaongeza presha. Dawa yake ni kukata maji mpaka kesho ipite.

Akaacha kunywa. Hakumwambia mtu. Kikombe alicholetewa na mumewe alikimimina kwenye chungu cha maua. Alichopewa na wifi alikimwagia ua hilohilo. Na jambo likamfurahisha sana: haja za mara kwa mara zikapungua, ule mchomo wa ubavuni ukamtokea kwa nadra, naye akajipongeza kimoyomoyo kwamba amelidhibiti. Alasiri alipokwenda tena, mkojo ulitoka kidogo, mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na unachoma kama pilipili. Ndani yake mlikuwa na vijiuzi vyekundu.

Wifi alimkuta amekaa kwenye kiti, midomo imekauka, anatazama ua.

"Hili ua," akasema wifi polepole, "limenawiri ghafla."

"Mvua."

"Mvua ipi, wifi? Mimi naanika nguo hapa." Akainama, akagusa udongo, akamtazama usoni. "Umekunywa nini leo?"

Yote yakatoka kwa mkupuo: wekundu, mlima, kuvuja, kufunga maji. Alieleza kwa uhakika wa mtu anayempa mteja bei. Wifi alimsikiliza, sindano mdomoni, halafu akachukua simu akapiga wodini bila kuomba ruhusa. Akaweka spika.

"Nipe mgonjwa mwenyewe," akasema nesi baada ya kusikia. "Mama, damu inatoka na mabonge?"

"Vijiuzi. Kama nyuzi za wifi yangu."

"Homa? Baridi?"

"Hakuna."

"Mkojo unatoka ukienda?"

"Unatoka, ila mkali."

"Sawa. Sasa nijibu wewe kama fundi. Mkimaliza kulaza bomba jipya, ndani mna nini?"

"Mchanga. Vumbi la msumeno. Uchafu."

"Mnautoaje? Mnafunga maji?"

Mama Koki akatazama lile ua. Wifi akajiziba mdomo.

"Tunayaachia," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. "Yakimbie mpaka yatoke meupe."

"Hivyo hivyo. Kibomba hakijalegea. Kinagusa ukuta wa kibofu ukitembea, kinakwaruza, panatoka damu kidogo. Tone moja linatia rangi ndoo nzima, hilo nalo unalijua. Maji ndiyo yanayosafisha. Ukiyakata, damu inaganda, na ikiganda ndiyo inaweza kuziba. Kunywa. Na milima uache."

"Na kesho je? Kesho nafungua vali."

Nesi hakukataa. "Kaa kwenye kiti, ushike huo ufunguo tu. Upelekwe kwa pikipiki ya taratibu, urudishwe. Lakini mama, damu tunaweza kuingoja. Homa hatuingoji. Usije ukazichanganya hizo mbili."

Alikunywa jioni nzima. Kinyozi alijaza jagi na kusimama mbele yake kama askari wa zamu. Kila alipotoka chooni alitangaza matokeo uani kote: chai ya rangi, chai hafifu, kisha waridi, na kabla hajalala, karibu maji safi. Wifi alipiga makofi. Mama Koki akasema kwamba hajawahi kushangiliwa kwa kazi hiyo.

Jumamosi mtaa wa mlimani uliamka ukiwa umevaa. Watoto walikuwa wamekaa juu ya madumu matupu waliyobeba kwa mazoea. Kila mlango ulikuwa na koki mpya inayong'aa, na mbele ya kila koki kulikuwa na mtu anayejifanya hana haraka. Wanawake waliimba. Mtu alileta ngoma, mwingine vuvuzela ambayo hakuna aliyeweza kuizuia. Mama Koki alifikishwa kileleni kwenye pikipiki iliyotembea kama bibi harusi, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kisanduku cha vali, na ufunguo mrefu wa chuma ukawekwa mapajani mwake. Watu walimshangilia mpaka akaficha uso.

Kilichobaki ni mgeni rasmi, ambaye alikuwa njiani. Alikuwa njiani tangu alfajiri.

Jua likapanda. Mrefu, fundi hodari lakini mtu wa pupa, alizunguka vali kama paka anayezunguka samaki. "Dada, tufungue tu. Mgeni atakuta maji, atanawa mikono."

"Tulia."

"Watu wanaungua jua."

"Na mimi nasikia baridi," akasema Mama Koki, na akacheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama. Aliuvuta mtandio mabegani. Ni furaha, alijiambia. Nani asingetetemeka siku kama hii? Lakini meno yakagongana, akayabana. Ufunguo mapajani ulikuwa ukitikisika, na aliuona ukitikisika, kana kwamba tayari umeshika maji.

Kinyozi aliliona pia. Alikuja taratibu, akasimama nyuma yake kama anavyosimama nyuma ya mteja, akaweka kiganja chini ya sikio lake.

"Mke wangu, unawaka."

"Jua."

"Jua halitetemeshi mtu."

"Niache kidogo. Mgeni anakuja. Nifungue, halafu unipeleke popote unapotaka."

Hakubishana. Hakuwa mtu wa kubishana, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Aliinama, akasema karibu na sikio lake, "Damu tulikuwa tuingoje. Hii tuliambiwaje?"

Mama Koki akatazama chini. Kuanzia miguuni pake bomba liliteremka chini ya udongo, akilijua kila kiungo, kila mahali jembe lilipogonga mwamba, hadi kwenye zile koki zinazong'aa na wale watu wanaojifanya hawana haraka. Lilikuwa ni suala la kuzungusha mkono. Angeweza kufungua sasa hivi. Lakini tangi lile haliwezi kufunguliwa kwa haraka. Ukilifungua kwa mkupuo, hewa iliyomo bombani inakandamizwa, inapiga, na viungo vinapasuka kimoja baada ya kingine. Kufungua vizuri kungekula asubuhi yote iliyobaki. Na homa ndiyo aliyoambiwa asiingoje. Baridi ikampitia tena, kutoka kisogoni hadi kwenye nyayo, na safari hii hakuweza kuicheka.

"Mrefu. Njoo."

Mrefu akaja akikimbia.

"Shika." Akampa ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenzake mtoto mchanga. "Robo ya mzunguko. Robo, unanisikia? Halafu unatoa mkono. Unasikiliza hewa inavyopumua kule chini kwenye kitundu cha kutolea hewa. Ikinyamaza, robo nyingine. Ukizidisha, nitakurudisha kubeba mchanga."

"Dada, kwani unakwenda—"

"Nimeambiwa hata kama nimevaa nguo za harusi. Sijavaa hata hizo."

Umati uliona kiti kimebaki kitupu, wimbo ukayumba. Wifi akapaza sauti kwamba fundi ameitwa hospitali na kwamba yeyote atakayenung'unika atashonewa mdomo. Wimbo ukashika tena. Na Mama Koki akashuka mlima katikati ya mumewe na dereva, macho ameyafumba, meno yakigongana.

Hospitalini hawakumwuliza kwa nini amekuja. Nesi mwenye miwani alimwona tu mlangoni akasema, "Vizuri. Umekuja mapema." Wakapima joto, wakachukua mkojo na damu vipelekwe maabara, wakamtundikia dripu na kumchoma sindano ya dawa ya kuua vijidudu bila kusubiri majibu. Wakapitisha ultrasaundi ubavuni. Daktari akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Kibomba kipo mahali pake," akasema. "Figo haijavimba. Vijidudu vimepata mahali pa kushika, basi. Hutokea kwa mtu mwenye kitu kigeni ndani. Ungevisubirisha hadi jioni, vingeweza kuingia kwenye damu, na hapo tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Tutakulaza siku chache. Homa ikitulia na njia ikipona, tutakitoa kibomba."

"Niliacha kunywa maji jana mchana," akakiri.

"Ukiendelea kunywa, tutakusamehe," akasema nesi, akamsogezea jagi.

Baridi ikapungua, jasho likaja. Alisinzia na kuzinduka. Alipozinduka mara ya mwisho, Kinyozi alikuwa ameishika simu kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Alikuwa ni wifi, na nyuma yake ngoma, vuvuzela na makelele ya watu wazima wanaopiga mayowe kama watoto. Maneno yake yalikuja vipande vipande. Mgeni hajafika. Mrefu kafungua robo, akangoja, robo, akangoja, watu wakamtukana, akakataa kuharakishwa. Hewa ilipiga miluzi mtaa mzima. Koki ya kwanza ilikohoa, ikatema tope, ikakohoa tena. Sasa watu wameloa. Bibi wa nyumba ya mwisho amekaa chini ya koki na nguo zake zote na amegoma kutoka.

"Hakuna kiungo kilichovuja, wifi. Hata kimoja. Mrefu analia. Unasikia?"

Kinyozi akaisogeza simu karibu na sikio lake. Ndani ya makelele, kitu kilikuwa kikimiminika, kirefu, bila kukatika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, walioelewa nusu ya habari, wakaanza kupiga makofi. Nesi alisimama katikati ya wodi akiwa ameshika trei, akacheka kwa sauti.

Mama Koki hakucheka. Alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta, na bega lake lilikuwa likitikisika, lakini si kwa homa. Mumewe alikata simu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwekea mkono mgongoni.

"Umefanya vizuri, mama watoto. Maji yametoka."

Mama Koki akasema taratibu sana, mdomo karibu uzame kwenye mto wa kitanda:

"Nilitaka kuyaona."